Ilitangaza faida, mbona imefilisika? Alama ya Z na yanayojificha ndani yake

Kila kampuni inayojulikana inapofunga milango, swali ni lile lile: mbona juzi tu walitangaza faida? Wengine husema mahesabu yalipikwa, wengine husema wakubwa wamekula pesa. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, faida ilikuwepo kweli na kampuni imekufa kweli, na mambo hayo mawili hayapingani. Ishara zilikuwa kwenye karatasi zile zile zilizotangaza faida, ila ziligawanyika sehemu tatu tofauti na aliyesoma sehemu moja hakuona kitu.

Kuna hesabu iliyobuniwa kuzikusanya ishara hizo ziwe namba moja. Huitwa alama ya Z. Siku hizi tovuti nyingi za masoko ya hisa huionyesha kando ya jina la kampuni, na watu huinukuu kama matokeo ya mpira: hii ina 1.5, itakufa, ile ina 3.4, iko salama. Namba hiyo haisomwi hivyo. Ili tujue inavyosomwa, tuanze na vitu vitatu vinavyoingia ndani yake.

Cha kwanza ni ukwasi, yaani uwezo wa kulipa madeni yanayodaiwa hivi karibuni kwa pesa iliyopo au itakayopatikana hivi karibuni. Mtu anaweza kuwa na nyumba ya ghorofa na akakosa nauli ya kesho asubuhi. Huyo ana mali, ila hana ukwasi. Cha pili ni uwezo wa kutengeneza faida, na hapa tunaangalia faida kulingana na ukubwa wa mali iliyotumika kuizalisha. Faida ya milioni 10 inapendeza ikitoka kwenye mali ya milioni 50, lakini ikitoka kwenye mali ya bilioni moja ni jambo la kutia wasiwasi. Cha tatu ni uzito wa madeni: katika kila shilingi, dola au fedha yoyote iliyojenga biashara, ni kiasi gani ni cha wenyewe na ni kiasi gani ni cha watu?

Shida ni kwamba vitu hivi vitatu huweza kusema mambo tofauti kwa wakati mmoja. Kampuni inaweza kuwa na pesa nyingi benki kwa sababu imekopa jana, kwa hiyo ukwasi unapendeza ilhali uzito wa madeni unatisha. Nyingine ina faida nzuri kwenye vitabu, lakini wateja wake hawajalipa. Mchambuzi anayetazama uwiano mmoja mmoja hujikuta mbele ya mashahidi watatu wanaopingana, na mwishowe humwamini yule anayempenda.

Mwaka 1966 mtafiti wa Marekani, William Beaver, alipima uwiano mmoja mmoja ili aone upi unatabiri vizuri kuanguka kwa kampuni. Aligundua kwamba baadhi unatabiri vizuri sana, hasa ule unaolinganisha pesa inayoingia na madeni yote. Swali la mashahidi kupingana lilibaki pale pale. Miaka miwili baadaye, mwaka 1968, Edward Altman, naye mtafiti wa Marekani, alilijibu kwa alama hii ya Z.

Jinsi namba ilivyopatikana

Altman alichukua kampuni 66 za viwandani nchini Marekani. Nusu yake, 33, zilikuwa zimefilisika kati ya mwaka 1946 na 1965, na 33 nyingine zilikuwa hai. Aliorodhesha uwiano 22 uliokuwa ukitumiwa na wachambuzi, kisha akatumia mbinu ya kitakwimu ambayo mwanatakwimu Ronald Fisher aliitangaza mwaka 1936 kwa mfano wa kutenganisha aina za maua ya irisi kwa vipimo vya petali zake. Wazo lake ni rahisi. Ua moja likipimwa urefu wa petali peke yake linaweza kukuchanganya, lakini ukijumlisha vipimo kadhaa, kila kimoja kwa uzito wake, aina zinaachana. Altman aliuliza swali hilo hilo kuhusu kampuni: ni uwiano upi, na kwa uzito gani, unaoyaachanisha mbali zaidi makundi haya mawili, yaliyokufa na yaliyo hai?

Jibu lilikuwa uwiano tano:

```
Z = 1.2 X1 + 1.4 X2 + 3.3 X3 + 0.6 X4 + 1.0 X5
```

X1 ni mtaji wa uendeshaji ukigawanywa kwa mali yote. Mtaji wa uendeshaji ni pesa ya kuzungusha: chukua mali za muda mfupi, yaani pesa taslimu, bidhaa zilizo stoo na madeni unayowadai wateja, kisha toa madeni unayopaswa kulipa ndani ya mwaka mmoja. X2 ni faida iliyolimbikizwa tangu kampuni ianze, yaani ile ambayo wenyewe hawakuigawana, ikigawanywa kwa mali yote. X3 ni faida ya mwaka kabla ya kutoa riba na kodi, nayo ikigawanywa kwa mali yote. X4 ni thamani ya hisa zote sokoni ikigawanywa kwa jumla ya madeni. X5 ni mauzo ya mwaka yakigawanywa kwa mali yote.

Ikitoka juu ya 2.99, kampuni imo kwenye ukanda salama. Chini ya 1.81 ni ukanda wa hatari. Katikati ni ukanda wa kijivu, na neno hilo lina maana yake: pale kati, kampuni zilizokufa na zilizopona zilichanganyikana, kwa hiyo namba yenyewe inakiri kwamba haijui.

Jambo moja hapa huwashangaza hata wahasibu. Wengi tumezoea kuamini kwamba ukwasi ndio mlinzi wa kwanza. Hata afisa mikopo kwa kawaida huanza kwa kuuliza kama mali za muda mfupi zinatosha kulipa madeni ya muda mfupi. Altman alipopima mchango halisi wa kila uwiano katika kuyatenganisha makundi yake, X3, yaani faida ya uendeshaji kwa mali, ilishika nafasi ya kwanza, na X1, ukwasi, ikawa ya mwisho. Ukifikiri kidogo utaona ni kwa nini. Ukwasi huwa ndio wa mwisho kuharibika, na tena unaweza kurembwa kwa muda: ukikopa mkopo wa miaka mitano wiki moja kabla ya kufunga vitabu, pesa taslimu inapendeza. Mali isiyozalisha hairembeki kirahisi hivyo.

La pili ni kwamba namba zilizo mbele ya kila X si vyeo. Mtu huona 3.3 kwenye faida na 1.0 kwenye mauzo akadhani faida inasikika zaidi mara tatu. Hapana, kwa sababu uwiano wenyewe una ukubwa tofauti. Faida kwa mali huwa 0.10 au 0.15, ilhali mauzo kwa mali huweza kufika 2 au 3. Ukizidisha, mauzo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya alama. Tutaona sasa hivi jinsi jambo hilo linavyoweza kuficha maiti.

Kiwanda cha samani kilichokuwa kikikua

Tuchukue kiwanda cha kubuni cha samani. Si kampuni ya soko la hisa, kwa hiyo X4 haiwezekani jinsi ilivyoandikwa: hakuna bei ya hisa sokoni. Kwa kampuni za namna hii Altman alitoa fomula ya pili mwaka 1983, ambamo thamani ya soko imebadilishwa na mtaji wa wamiliki kama ulivyoandikwa vitabuni. Uzito nao ukabadilika, kwa hiyo ni kosa kuchukua fomula ya kwanza na kuchomeka namba ya vitabuni:

```
Z' = 0.717 X1 + 0.847 X2 + 3.107 X3 + 0.420 X4 + 0.998 X5
```

Mipaka yake ni 2.90 kwa ukanda salama na 1.23 kwa ukanda wa hatari.

Mwaka wa kwanza kiwanda kina mali ya milioni 1,000. Nusu ni mali za muda mfupi, na madeni ya muda mfupi ni milioni 300, kwa hiyo pesa ya kuzungusha ni 200. Faida iliyolimbikizwa ni 250, faida ya mwaka kabla ya riba na kodi ni 140, mauzo ni 1,800. Wenyewe wana 450 ndani ya biashara, na madeni yote ni 550. Ukigawanya, X1 ni 0.20, X2 ni 0.25, X3 ni 0.14, X4 ni 0.82 na X5 ni 1.80. Alama inatoka 2.93. Salama, ingawa kwa unywele.

Mwaka wa pili kiwanda kinapata oda kubwa na kinajitanua. Kinajenga karakana mpya, kinajaza stoo mbao, na kwa sababu mkopo wa muda mrefu unachelewa, sehemu kubwa inalipiwa kwa mkopo wa muda mfupi na kwa kuwachelewesha wauza mbao. Mali inafika 1,400, mauzo 2,000. Madeni ya muda mfupi yanaruka kutoka 300 hadi 600, wakati mali za muda mfupi zinafika 680 tu, hivyo pesa ya kuzungusha inabaki 80. Faida kabla ya riba na kodi ni 120, na baada ya kulipa riba na kodi inabaki 15. Kampuni imetangaza faida, na haikudanganya. Alama ya Z' ni 2.10.

Mwaka wa tatu oda zinapungua kasi. Mauzo yanapanda kidogo hadi 2,050, kwa punguzo la bei linalokula faida. Mali ni 1,600, na sehemu kubwa ya nyongeza ni makabati yasiyouzika na wateja wasiolipa. Faida kabla ya riba na kodi ni 60, na riba yake peke yake ni 120. Kwa mara ya kwanza kuna hasara, 60, inayoishusha faida iliyolimbikizwa hadi 205. Wenyewe sasa wana 405 dhidi ya madeni ya 1,195. Mali za muda mfupi ni 750 na madeni ya muda mfupi ni 850, kwa hiyo pesa ya kuzungusha imekuwa hasi: pengo la 100. Alama ya Z' ni 1.60.

Hebu tulia hapo kwanza. Kiwanda ambacho faida yake ni nusu ya riba, chenye pengo la milioni 100 kwenye malipo ya mwaka huu, bado kimo kwenye ukanda wa kijivu, na tena mbali kidogo na mstari wa hatari. Kimefikaje pale? Fungua hesabu. Mauzo kwa mali ni 1.28, na ukizidisha kwa 0.998 unapata karibu 1.28 tena. Kati ya pointi 1.60, mauzo yamechangia 1.28. Ukwasi, faida ya mwaka, akiba ya faida na mtaji wa wamiliki, vyote vinne kwa pamoja, vimechangia 0.32. Kelele za dukani zimefunika ukimya wa sanduku la pesa.

Altman mwenyewe aliliona tatizo hili kwa upande mwingine: mauzo kwa mali hutofautiana mno kati ya sekta na sekta. Anayeuza chakula cha jumla huzungusha mali yake mara nyingi kwa mwaka, na mwenye bandari au mtambo wa umeme haimalizi hata mara moja, ingawa wote wawili ni wazima. Kwa hiyo kwa kampuni zisizo za viwandani akaiondoa X5 kabisa:

```
Z'' = 6.56 X1 + 3.26 X2 + 6.72 X3 + 1.05 X4
```

Hapa ukanda salama ni juu ya 2.60 na wa hatari ni chini ya 1.10. Kiwanda chetu kwa fomula hii kinapata 3.93 mwaka wa kwanza, 2.09 wa pili na 0.62 wa tatu. Hadithi ni ile ile ila sasa inasikika.

Je, tuseme fomula hii ni bora? Kwa kiwanda, kanuni inasema tumia ile yenye mauzo. Mimi nahesabu zote mbili, na zikitofautiana kama hapa, tofauti yenyewe ndiyo habari: kampuni inashikiliwa na mauzo peke yake. Sijawahi kuona hali hiyo ikidumu muda mrefu bila mtu kuongeza mtaji au bila mtu kulia.

Tahadhari ndogo kwa wanaosoma kwenye skrini. Fomula hii ya uwiano nne mara nyingine huandikwa ikiwa na 3.25 ya kujumlisha mwanzoni, kwa ajili ya kampuni za nchi zenye masoko yanayochipukia. Ukitumia hiyo, mipaka nayo hupanda kwa 3.25, yaani 5.85 na 4.35. Nimeona watu wakichukua alama ya fomula moja na mipaka ya nyingine, kisha wakatangaza kwamba kampuni mahututi iko salama mno.

Asilimia 95 ina maana gani?

Sifa inayorudiwa sana kuhusu alama ya Z ni kwamba ina usahihi wa asilimia 95. Ni kweli, na ndiyo sifa inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Kwanza, hiyo ni kwa hesabu za mwaka mmoja kabla ya kufilisika, na kwa zile kampuni 66 zilizotumika kutengeneza fomula yenyewe. Kwa hesabu za miaka miwili kabla, usahihi kwa kampuni zilizokufa ulishuka hadi asilimia 72. Miaka mitatu kabla ulikuwa asilimia 48 kwa kampuni hizo hizo, ambayo haipiti kurusha sarafu. Kwa hiyo mtu anayekuambia kampuni itakufa baada ya miaka mitano kwa sababu Z yake ni ndogo leo, anauza kitu ambacho fomula haina.

Pili, na hili ni zito zaidi, nusu ya kampuni za Altman zilikuwa zimefilisika. Mtaani hali haiko hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, kuna kampuni 1,000 na 20 kati yake zitaanguka mwaka ujao. Katika mwaka wa mwisho fomula ilizitambua kampuni 31 kati ya 33 zilizokufa, na ikamsingizia mzima mmoja tu kati ya 33. Peleka viwango hivyo kwenye kampuni zetu 1,000. Katika 20 zinazokufa, itakamata kama 19. Vizuri sana. Lakini katika 980 zilizo nzima, mmoja kati ya 33 ni kampuni kama 30. Kengele italia mara 49, na katika hizo 49, 19 ndizo zitakazoanguka. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini hapa mawingu mengi yanapita tu.

Maana yake ni kwamba alama ndogo haisemi kampuni hii itakufa. Inasema kampuni hii inafanana kifedha na zile zilizokufa, kwa hiyo fungua vitabu utazame kwa karibu. Benki inayokatisha mkopo kwa kuona namba peke yake inaweza hata kuisababisha ile ile ajali iliyotabiriwa, kwa sababu kampuni iliyo kwenye ukanda wa kijivu huishi kwa kuongezewa muda wa kulipa.

Kuna pia kampuni ambazo fomula haiwezi kuzisoma kabisa. Benki ni mfano mzuri. Kazi yake ni kuweka pesa za watu, kwa hiyo madeni makubwa kwake ni ishara kwamba biashara inaendelea, na mgawanyo wa mali za muda mfupi na mrefu hauna maana ya kiwandani. Ukiipigia benki hesabu ya Z utapata namba ya kutisha kila mwaka, na haitakuambia lolote. Kampuni changa nayo huadhibiwa na X2, kwa kuwa haijapata muda wa kulimbikiza faida. Baadhi ya watu huona huo ni uonevu. Sikubaliani nao sana: biashara changa kweli hufa zaidi kuliko kongwe, na fomula inalijua hilo. Ninachokubali ni upande wa pili, kwamba kampuni kongwe yenye nguvu iliyogawa karibu faida yote kwa wanahisa, au iliyonunua hisa zake yenyewe kwa wingi, inaweza kuonekana mgonjwa kwenye X2 wakati ina afya.

Halafu kuna hesabu za uongo. Alama ya Z hula chakula inachopewa. Mwezi Juni mwaka 2002 kampuni ya simu ya Marekani, WorldCom, ilikiri kwamba zaidi ya dola bilioni 3.8 za gharama zilikuwa zimeandikwa kama mali. Hizo zilikuwa ada za kutumia laini za kampuni nyingine, matumizi ya kila siku, lakini vitabuni ziligeuzwa kuwa uwekezaji. Mwezi uliofuata iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Tazama ujanja huo unavyoifanyia fomula: gharama ikigeuzwa mali, faida kabla ya riba na kodi inapanda, na faida hiyo hiyo inaingia kwenye faida iliyolimbikizwa na kwenye mtaji wa wamiliki. Uongo mmoja unagusa uwiano tatu kwa mkupuo. Kinachoweza kuufichua hakimo ndani ya Z: ni kulinganisha faida na pesa halisi iliyoingia kutokana na biashara baada ya kutoa pesa iliyotumika kununua mali. Faida ikipanda miaka mitatu mfululizo na pesa hiyo isipande, usiendelee kupiga hesabu ya Z. Anza kuuliza maswali.

Kuisoma kinyumenyume

Matumizi ya alama hii ninayoyapenda zaidi hayahusu utabiri. Mwaka 1975 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo GTI ilikuwa ikididimia. Aliyekabidhiwa kuiongoza, Jim LaFleur, alikutana na fomula ya Altman, na badala ya kuitumia kujua lini kampuni itakufa, akaitumia kama orodha ya kazi. Alijiuliza kila hatua anayotaka kuchukua itaipandisha Z au itaishusha. Jibu lililorudi mara kwa mara lilikuwa lile lile: tafuta mali isiyozalisha, iuze, lipa deni.

Ukirudi kwenye fomula utaona ni kwa nini. Mali yote ndiyo inayogawa karibu kila uwiano. Ikipungua bila faida kupungua, X1, X2 na X3 zinapanda pamoja, na deni likilipwa X4 nayo inapanda. Meneja anayehangaika kuongeza mauzo kwa punguzo la bei anasukuma X5 huku akiiumiza X3.

Tukijaribu kwenye kiwanda chetu cha mwaka wa tatu: tuseme kinauza kiwanja na mashine zisizotumika zenye thamani ya 200 vitabuni, pamoja na makabati yaliyolala stoo ya 100, kwa bei hiyo hiyo ya vitabuni, na pesa yote, 300, inalipa madeni ya muda mfupi. Mali inakuwa 1,300. Pengo la pesa ya kuzungusha la 100 linageuka ziada ya 100. Madeni yanashuka hadi 895. Faida ya uendeshaji tuiache ile ile, 60. Alama ya Z'' inapanda kutoka 0.62 hadi 1.80 bila kuuza kiti kimoja cha ziada kwa mteja wa kawaida, na mzigo wa riba unapungua kuanzia mwezi unaofuata.

Lakini mali ya mwenye dhiki hainunuliwi kwa bei ya vitabuni. Tuseme wanunuzi wametoa 240 badala ya 300. Hasara ya 60 inaila faida iliyolimbikizwa na mtaji wa wamiliki, deni linalolipika ni dogo zaidi, na alama inaishia 1.25. Bado ni juu ya 1.10, kwa kiasi kidogo tu. Mauzo yale yale yangefanyika mwaka wa pili, wakati alama ilikuwa 2.09 na hakuna mdai aliyekuwa akigonga mlango, mwenye kiwanda angekuwa na muda wa kukataa bei ya kwanza.